Kiwanda Kilichofungwa Ndani ya Kamusi

Kuna wakati niliamini kabisa kwamba serikali imeficha ndani ya kamusi habari za viwanda vitakavyouzwa, vitakavyofungwa, na watu watakaorudishwa nyumbani. Haikuziweka gazetini wala redioni, iliziweka kwenye kamusi. Niliamini hivyo kama ninavyoamini kwamba ziwa lina maji, na kama ungenibishia siku zile ningekuonea huruma.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu kilipokuwa kinauzwa au kinasemekana kimeuzwa. Mimi nilikuwa msukaji kwenye kiwanda kimoja cha nguo pale Nyakato. Kelele za mashine zetu zilikuwa kubwa kiasi kwamba kuku wa mtaa mzima walitaga mayai bila kujisikia wakilia. Ndani ya ukumbi ule watu hatukuzungumza kwa sauti, tulisomana midomo. Kwa hiyo uvumi wetu haukuzaliwa kazini. Ulizaliwa kantini, saa ya chai, ambapo masikio yalikuwa yanarudi polepole kama mtu aliyezimia.

Aliyeniletea ule wa kamusi alikuwa jirani yangu wa mashine, mtu mfupi, mcheshi, aliyejua mambo yote isipokuwa yale ya kweli. Alisogeza kikombe chake karibu na changu.

"Unajua kwa nini uongozi hausemi tutafungwa lini?"

"Hawajui wenyewe."

"Wanajua. Wamekatazwa. Mambo yote yako kwenye kamusi mpya ya Kiingereza, ile yenye Kiswahili pembeni. Binamu yangu ana rafiki anayefanya kazi kwenye ghala la vitabu. Kaiona kwa macho yake. Kila neno lina maelezo yake, halafu chini kuna maneno yameandikwa yamelala hivi." Alilaza kiganja chake mezani. "Hayo yaliyolala ndiyo siri."

"Kwa nini yalale?"

"Wewe siri yako ukiiandika utaisimamisha?"

Akaendelea kunieleza kwamba mbele ya kila neno kuna herufi ndogo. Ukiona n, maana yake nyumbani, mwenye kazi hiyo anarudishwa nyumbani. Ukiona v, maana yake kibarua, anabaki lakini kwa malipo ya kutwa.

"Kibarua kinaanza na k," nikasema.

"Vibarua," akasema. "Wako wengi."

Ungekuwa wewe ungecheka. Mimi nilipoteza hamu ya chai, kwa sababu wiki ile ile msimamizi wetu alikuwa ametutangazia jambo lililoninyima usingizi. Anayetaka kuondoka kwa hiari aandikishe jina kwake kabla ya saa sita mchana, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, naye atapewa kiinua mgongo chake mapema. Atakayebaki, na kiwanda kikafungwa, atangoja pamoja na wengine, na sote tulijua watu wa viwanda vingine waliokuwa bado wanangoja mpaka viatu vikaota uyoga.

Upande wa pili alikuwapo shemeji yangu, mume wa dada, aliyekuwa na mtumbwi wenye mashine na alikuwa anapeleka sangara kwenye viwanda vya minofu. Alikuwa na nafasi ya mtu mmoja kwenye kambi yao kisiwani. Kila akija pale soko la Mwaloni kushusha samaki aliniuliza jambo lile lile: "Shemeji, unakuja au huji? Nafasi haikai tupu kama kiti cha mwenyekiti." Nikikaa na kiwanda kikafungwa, nimepoteza vyote viwili. Nikienda na kiwanda kisifungwe, nimeitupa kazi ya kudumu kwa ajili ya kulala juu ya nyavu. Nilichohitaji ni mtu wa kuniambia kitafungwa au hakifungwi. Na sasa nimeambiwa jibu liko kwenye kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa ghali, na kwenye maduka ya Mkuyuni kilikaa nyuma ya kioo kama dawa ya hatari. Lakini nilisikia kwamba shule ya msingi iliyo karibu na nyumba za wafanyakazi ina masomo ya sekondari ya jioni kwa watu wazima, na mwalimu wa Kiingereza anayo nakala moja. Basi hivyo ndivyo nilivyoanza elimu ya sekondari. Wenzangu walikwenda wakitafuta cheti. Mimi nilikwenda kufanya upelelezi.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa macho. Kamusi aliifungia kwenye kitambaa cha kaki, mabaki ya kiwanda chetu, nami nilipoona kitambaa kile nikajiambia: hata nguo ya kiwanda imo. Tulikuwa watu kama arobaini tumebanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yamegusa videvu.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema nilipojitambulisha.

"Marahaba. Umefuata nini hapa, mwanangu?"

"Kamusi, mwalimu."

Alinitazama kama mtu aliyengoja jibu lile maisha yake yote. Wengine walikuwa wakijibu wamefuata mtihani. Tangu jioni ile alinipenda, akaniweka dawati la mbele, na kila alipotaka mtu wa kuja kufunua alinyoosha kidole kwangu. Mimi nilidhani ameniona naelewa mambo.

Alitufundisha hatua kwa hatua, nami nilijifunza kwa bidii ya mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya walionusurika. Kwanza, usifunue ovyo kama unayetafuta funza kwenye embe. Juu ya kila ukurasa kuna maneno mawili, moja ni neno la kwanza la ukurasa huo na jingine ni la mwisho. Neno lako likiangukia kati yao kwa mpangilio wa alfabeti, limo humo. Ukishalipata neno lenyewe, lililokolezwa wino, usikimbilie maana. Tazama kwanza kile kilichofungiwa kati ya mistari miwili ya mshazari, hiyo ni namna ya kulitamka. Humo mna herufi za ajabu, nyingine zimepinduka, mna hata e iliyosimama kwa kichwa. Mna pia kijistari kidogo kilichosimama juu, mbele ya silabi unayotakiwa kuitilia mkazo.

"Kiswahili chetu kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, hakikusumbui," mwalimu alisema. "Kiingereza kinakanyaga kinapotaka. Chukueni hili neno la viwanda vya samaki, export. Likiwa jina la kitu, mkazo uko mwanzoni. Likiwa kitendo, kupeleka nje ya nchi, mkazo unahamia mwishoni. Tahajia ni ile ile. Kijistari ndicho kinachohama. Basi kabla hujafungua mdomo, angalia aina ya neno."

"Aina ya neno tunaijuaje, mwalimu?" aliuliza mama mmoja muuza dagaa aliyekaa nyuma yangu.

"Herufi ndogo inayofuata. Ukiona n, ni jina. Ukiona v, ni kitenzi. Ukiona adj, ni kivumishi."

Niligeuka nikamtazama yule mama kama nimepigwa na shoti. Ni jina, amesema. Majina. Majina ya nani, kama si ya watu watakaoondoka? Nilimwona mwalimu amekula kiapo, hawezi kusema wazi, ila anatudokezea kwa upande. Tangu hapo kila alichofundisha nilikisikia mara mbili: kama somo, na kama kidokezo. Kichwa changu kilikuwa kama redio iliyokaa katikati ya stesheni mbili.

Kesho yake kantini nilimpa jirani yangu ripoti. Hakushangaa hata kidogo. "Nilikwambia. Sasa tutafutie kazi zetu."

Mwalimu alikuwa na utaratibu wa kuazimisha kamusi kwa zamu, mtu akae nayo wiki moja na arudi na maneno kumi aliyoyachambua: matamshi, aina, maana, na sentensi ya mfano. Zamu yangu ilipofika niliibeba kwenda nayo kazini ndani ya kitambaa chake cha kaki, na saa ya chai meza yetu ilizungukwa na watu kuliko siku ya mshahara. Nilifunua kwa kutumia yale maneno mawili ya juu, taratibu, kwa heshima, na watu wakawa wananong'ona kwamba huyu sasa ni msomi.

"Msukaji," alisema jirani yangu.

Weaver. n.

"Nyumbani," akasema.

"Dereva," akasema dereva wa lori la pamba. Driver, n. "Fundi umeme." Electrician, n. "Karani." Clerk, n. Kila kazi niliyoifunua ilikuwa n. Nilihisi kama ninasoma orodha ya waliozama. Karani alitoka nje akaenda kuvuta sigara, naye hakuwa mvutaji.

"Na mpishi?" aliuliza mpishi wa kantini, jitu la watu lenye mikono kama makasia, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na mwiko.

Nikafunua cook. Kulikuwa na n, mpishi. Halafu chini yake kulikuwa na v, pika.

"Wewe unarudishwa nyumbani," nikamwambia, "halafu unaitwa tena kama kibarua."

Alifikiri. "Bora yangu," akasema, akarudi kwenye sufuria zake akiwa na furaha ya mtu aliyepona.

Mmoja akapata wazo la kumtafuta meneja. Manager, n. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama na kusema, jamani, hapa pana kasoro. Sisi tulishangilia. Ilionekana serikali safari hii imetenda haki. Na chini ya neno lile kulikuwa na yale maandishi yaliyolala, na Kiswahili chake: Meneja yuko likizo. Tukatazamana. Meneja wetu alikuwa likizo kweli, wiki ya pili, amekwenda kwao Bukoba.

"Kitabu hiki kimechapishwa lini?" aliuliza dereva kwa sauti ya chini.

"Kabla hajaenda," nikasema.

Basi hapo hata waliokuwa na mashaka waliyatupa.

Lakini kamusi ilinichanganya zaidi kadiri nilivyoisoma. Chini ya neno moja iliandikwa kwamba kiwanda kinaajiri watu mia tano. Sisi tulikuwa zaidi ya hapo. Je, ndio watakaobaki? Chini ya neno jingine, kiwanda kinafungua saa mbili asubuhi. Sisi tulianza saa kumi na mbili. Jirani yangu alisema hicho ni kiwanda kingine, cha mafuta, cha kule Igoma. Mahali pengine nilisoma kwamba kiwanda kipya kimejengwa karibu na mto. Mto gani? Tulibishana juu ya mto mpaka king'ora kikalia, wengine wakisema Mirongo, wengine Simiyu. Nikirudi nyumbani nilikuwa natembea nikihesabu mito badala ya kutazama njia, na mara moja nilimsalimia mbuzi shikamoo.

Jioni iliyofuata mwalimu aliniita ubaoni kuonyesha nilichojifunza. Aliniandikia close.

Nililipata upesi. Nikasoma kwa sauti, mwisho wa neno nikatia s.

"Angalia aina kwanza," alisema. "Umesoma lipi?"

Nikatazama. Kulikuwa na sehemu mbili. Moja adj, maana yake karibu. Nyingine v, maana yake funga.

"Hili la kufunga."

"Basi kati ya mistari ya mshazari inaonyesha sauti gani mwishoni?"

"z."

"Vizuri. Kivumishi kina s, kitenzi kina z. Sasa tusomee mfano, maana mfano ndio unaokuambia ukweli wa neno. Maana peke yake ni kama shati limetundikwa. Mfano ni shati limevaliwa."

Alisema hivyo, neno kwa neno: ukweli. Nikasoma yale yaliyolala. The factory will close in December. Kisha Kiswahili chake, kwa sauti iliyokuwa inaniishia: Kiwanda kitafungwa Desemba.

Darasa likapiga makofi kwa ajili ya ile z. Mimi nilirudi kwenye dawati nikiwa nimefiwa. Yule mama wa dagaa aliniinamia. "Umesoma vizuri, mwanangu, mbona unakusanya madaftari?"

"Umesikia nilichosoma, mama?"

"Nimesikia. Kiwanda kitafungwa."

"Basi."

Alinipapasa bega. "Mimi nauza dagaa," akasema. "Kwangu hapafungwi."

Sasa mambo yakawa wazi, angalau kwangu. Ijumaa asubuhi nilimwendea msimamizi, mzee mmoja mkavu aliyekuwa anatusomea midomo hata tukiwa tumemgeuzia mgongo, nikamwambia kesho nitaandikisha jina langu kuondoka kwa hiari.

"Umepata kazi nyingine?"

"Nakwenda ziwani kwa shemeji yangu."

"Unajua kuogelea?"

"Nitajifunza."

"Kijana, wewe ni msukaji mzuri. Hatujaambiwa kama tunafungwa."

Nilimhurumia mzee wa watu. Mshahara wake mkubwa kuliko wangu, na kamusi hana. Nikamwambia kwa upole, "Mzee, nyinyi hamwezi kuambiwa."

"Njoo kesho kabla ya saa sita," akasema. "Lakini ukiandikwa umeandikwa. Sifuti."

Mchana nilipita Mwaloni, kule Kirumba, nikamkuta shemeji anapimisha samaki, nikamwambia nimo. Alifurahi mpaka akanipa sangara mmoja mkubwa kiasi kwamba mkia wake uliburuta vumbi kutoka Kirumba mpaka Nyakato na kuacha mfereji. Alitaka tuondoke Jumamosi hiyo hiyo jioni.

Hapa niseme mapema, maana wapo wasomaji wa Nyakato watakaobisha: Desemba ile kiwanda hakikufungwa. Kilikuja kusimama baadaye, na siku hiyo mimi nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne mfukoni na nafasi ya ukarani kwenye kiwanda cha minofu, ambako waliniuliza export inatamkwaje, nikawauliza, likiwa jina au likiwa kitenzi? Shemeji naye alimpata mtu mwingine wa kambini, aliyejua kuogelea. Lakini jioni ile ya Ijumaa sikuwa na habari za yote hayo. Nilijua jambo moja tu, kwamba siwezi kwenda kisiwani na kamusi ya darasa.

Nikaenda kuirudisha. Mwalimu alikuwa peke yake anafuta ubao, darasa halijaanza. Nikaweka kitambaa cha kaki mezani.

"Zamu yako inaisha Jumatatu."

"Naondoka, mwalimu. Kesho. Naacha kazi na masomo."

Aliweka kifutio chini. "Mwanafunzi wangu wa kamusi. Kuna msiba?"

Nikatazama mlango, nikatazama dirisha. Nikamsogelea. "Mwalimu, wewe mwenyewe ulinisomesha. Nimeelewa yote uliyokuwa unatudokeza. Desemba."

"Desemba kuna nini?"

"Mwalimu, tuko wawili tu hapa."

"Naona. Desemba kuna nini?"

Nikafungua kamusi mwenyewe, maneno mawili ya juu, neno lililokolezwa, mistari ya mshazari, herufi ndogo, maana, mpaka nikafika kwenye maandishi yaliyolala. Nikaweka kidole. Nikamweleza kila kitu kwa kunong'ona: binamu wa jirani yangu, ghala la vitabu, n ya nyumbani, v ya vibarua, meneja aliye likizo, mpishi atakayerudishwa halafu aitwe, na kwamba kesho kabla ya saa sita jina langu linaandikwa na halifutiki.

Hakucheka. Hilo ndilo ninalomshukuru mpaka leo. Alivuta kiti akakaa, akanigeuzia kamusi.

"Nitafutie dog."

Nikatafuta. n. Mbwa. Na yaliyolala.

"Soma."

"Mbwa alimng'ata tarishi."

"Tarishi gani?"

Nilifikiri sana. "Labda wa posta kuu."

"Nitafutie rain."

Nikatafuta. "Mvua ilinyesha siku nzima."

"Siku ipi?"

Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani, na kila ulipogonga nilihisi kama unanigonga mimi.

"Nitafutie marry," akasema.

Nikatafuta, polepole sasa, kidole kinateremka ukurasa. "Aliolewa na daktari."

"Nani aliolewa?"

"Mwalimu," nikasema, "kamusi haisemi."

"Haisemi kwa sababu hayupo. Yule mbwa hayupo, na tarishi hayupo, na kile kiwanda hakipo. Mtu aliyeandika kamusi alikaa mezani kwake akazitunga sentensi hizo, ili wewe uone neno linavyokaa pamoja na maneno mengine. Zimelazwa ili zisichanganyike na maana. Na n ni jina la kitu au mtu, ndiyo maana kila kazi uliyoitafuta ilikuwa nayo." Aliifunika kamusi, akaifunga kitambaa chake cha kaki, akanirudishia mikononi. "Ni mifano tu, mwanangu. Si habari."